Usia wa Sheikh Ahmad na mizani ya ndoto

*Maalim, assalaam alaykum. Mama ameletewa kwenye simu usia wa Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) Madina, kwamba alimuota Mtume akampa ujumbe kwa umma. Sasa kila siku ananituma dukani nikatoe kopi za kugawa, na mimi nimekataa. Mjomba anasema nimekufuru, maana hadithi imesema shetani hawezi kujifananisha na Mtume. Jirani yetu Mkristo akasema kwao mambo haya hupimwa na askofu. Sisi anapima nani, na kwa mizani gani? (Msomaji, Wete)*

Waalaykum salaam, mwanangu. Hukukufuru. Nalitanguliza hilo ili leo ulale, mengine tutayazungumza taratibu.

Karatasi hiyo naijua vizuri. Nilipokuwa darasa la saba, huko huko Pemba, ilinifikia ikiwa imeandikwa kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari, na chini yake imeamrishwa ninakili mara thelathini. Nilikaa barazani baada ya laasiri nikaanza. Nakala ya kumi na tisa kalamu ikaisha wino, na pesa ya kalamu nyingine sikuwa nayo. Wiki nzima nilikuwa nikijitazama kwenye kioo cha bibi kila asubuhi, maana karatasi ilisema asiyeiandika uso wake utakuwa mweusi. Haukuzidi weusi ulionao mpaka leo.

Nilipokua nikaja kusoma mambo haya, nikagundua kwamba karatasi ile ilikuwa kongwe kuliko bibi mwenyewe. Mholanzi Snouck Hurgronje aliandika habari zake katika miaka ya 1880, baada ya kuikuta ikizunguka visiwani kwa Waindonesia. Rashid Ridha wa jarida la Al-Manar la Misri aliulizwa habari zake mwanzoni mwa karne ya 20, akajibu kwamba nyaraka za namna hiyo anazijua tangu utotoni, zote zikinasibishwa na huyo huyo Sheikh Ahmad. Na pwani yetu hii imekwisha kupata msukosuko kwa ajili yake. Mwaka 1908, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji, Wajerumani walizikuta nakala zake Lindi. Waliingiwa na hofu kweli kweli, wakaiita Barua ya Makka, wakafuatilia ilikotoka. Uchunguzi wao ukaelekeza kidole hapa Unguja, kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule tajiri wa Ujiji aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, ambaye alikuwa amehamia huku baada ya kushindwa vitani bara.

Kwa hiyo Sheikh Ahmad, akiwa ni mtu mmoja, ameota ndoto ile ile kwa zaidi ya miaka 130, na kila mara ndoto ni ya "Ijumaa iliyopita". Hapo peke yake pangetosha kuikunja karatasi. Lakini mjomba wako ameleta hoja ya hadithi, na hadithi haijibiwi kwa kicheko.

Hadithi yenyewe ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim: aliyemuona Mtume usingizini amemuona kweli, kwa kuwa shetani hajifananishi naye. Hakuna mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi anayeipinga. Sasa itazame vizuri inamzungumzia nani. Inamzungumzia aliyeona. Haisemi kwamba kila anayedai kuona ameona, wala haisemi kwamba kila karatasi inayosimulia kwamba fulani ameona ni ya kweli. Shetani amezuiwa kuvaa sura ya Mtume, lakini binadamu hakuzuiwa kusema uongo. Laiti uongo wa ndoto ungekuwa hauwezekani, tusingeachiwa lile onyo lililomo kwa Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas, kwamba mwenye kudai ndoto asiyoiota atatakiwa Siku ya Kiyama afunge fundo baina ya punje mbili za shayiri, na hataweza.

Kwa hiyo swali la kwanza la mizani halihusu Mtume hata kidogo. Linamhusu msimulizi: ni nani, nani anamjua, tabia yake ikoje, na habari imepita mikononi mwa nani mpaka ikatufikia. Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya wanachuoni wa hadithi kwa kila neno lililonukuliwa, na hakuna sababu ndoto ipewe tahafifu. Ibn Baz, aliyekuwa mufti wa Saudia, aliandika kwamba aliwauliza baadhi ya jamaa za huyo Sheikh Ahmad, wakamwambia kuwa ni uzushi aliosingiziwa. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufa siku nyingi na hakulisema jambo hilo. Tena angalia: Ridha na Ibn Baz ni watu ambao baadhi ya mashehe zetu wa maulidi na dhikri hawawapendi, na hapa wamekubaliana nao neno kwa neno. Ni nadra kwetu kuona Answari na watu wa tarika wakikaa upande mmoja wa mkeka.

Swali la pili ni kama aliyeonekana ni Mtume kweli. Hapa wa kale walikuwa wakali kuliko sisi. Ibn Sirin, ambaye jina lake linauzwa kwenye kila kitabu cha tafsiri ya ndoto pale Darajani, mtu akimjia na kumwambia amemuota Mtume, alikuwa akimwambia: nisifie uliyemuona. Akitaja sifa asizozijua, alimjibu kwamba hakumuona. Na Ibn Abbas naye alimtaka mtu amsifie aliyemuona. Yule mtu akamfananisha na Hassan bin Ali, mjukuu wa Mtume, basi Ibn Abbas akamkubalia. Sifa hizo si siri. Mama yako anazijua bila ya kujua kwamba anazijua, maana zimo kwenye Barzanji anayoisikiliza kila maulidi: kimo cha wastani, rangi nyeupe iliyochanganyika na wekundu, macho makubwa yenye wanja wa kuzaliwa, kope ndefu. Wapo wanachuoni waliokuwa wapole zaidi, wakasema hata akionekana kwa sura nyingine ndoto ni ya kweli na tofauti ile inatafsiriwa kwa hali ya muotaji mwenyewe. Wewe usiingie katika mjadala huo. Itazame karatasi ya mama tu: kwa kawaida inamtaja Mtume kuwa na uso mzuri, basi. Hapana kitu ambacho Ibn Sirin angekishika.

(Utasikia pia watu wakisema kwamba fulani amemuona Mtume akiwa macho, si usingizini. Wako wakubwa waliolikubali hilo, Suyuti mmojawapo. Ibn Hajar aliona lina tatizo kubwa: ikiwa mtu anaweza kumuona waziwazi, basi atakuwa sahaba, na masahaba hawatakwisha mpaka Kiyama. Niliache hapo, kwa sababu barua yako ni ya ndoto.)

Swali la tatu ndilo kubwa, na ndilo mjomba wako amelipita bila ya kulitazama. Tufanye msimulizi ni mkweli, tufanye aliyeonekana ni Mtume mwenyewe. Je, yaliyosemwa ndotoni yanamlazimu nani?

Imam Nawawi, ambaye Mashafi wote wa Unguja na Pemba tunamrudia, alilijibu kwa mfano ambao sisi tunauishi kila mwaka. Chukua usiku wa 30 Shaabani. Pemba nzima ina mawingu, watu wametoka ufukweni na juu ya mapaa, mwezi haukuonekana. Mtu mmoja mwadilifu, hana sifa mbaya, amelala, akamuota Mtume akimwambia kesho ni Ramadhani. Anakwenda kwa kadhi. Jibu la madhehebu ni kwamba hatufungi kwa ndoto yake. Wala yeye mwenyewe hafungi kwa ajili yake.

Sasa mgeuze mtu yule yule. Hakulala, alikuwa ngalawani, mawingu yakafunuka kidogo upande wa magharibi akauona mwezi kwa macho yake. Anakwenda kwa kadhi yule yule. Kwetu Mashafi ushahidi wa mwadilifu mmoja unatosha kuingia Ramadhani, na kisiwa kizima kitaamka kula daku kwa neno lake. Mtu ni mmoja, ukweli wake ni mmoja, na jicho lake la baharini limekubaliwa hali ndoto yake imekataliwa. Nawawi alieleza kwa nini: aliyelala hana dhabti, yaani hana ule uangalifu wa kushika alichokisikia bila ya kukichanganya. Mlinganishe na msimulizi wa hadithi. Hakubaliwi akiwa ameghafilika au kumbukumbu yake imeharibika, na hakuna aliyeghafilika kuliko aliyelala. Kwa hiyo hamtuhumu muotaji kwa uongo, wala hamtuhumu shetani. Anasema tu kwamba usingizi si mahali pa kupokelea sheria.

Kuna kisa kingine ambacho nakipenda zaidi, kwa sababu ndani yake ndoto ilithibitika. Mtu mmoja alimuota Mtume akimwambia aende mahali fulani achimbe, kuna hazina iliyozikwa, aichukue, na wala hana khumsi ya kutoa. Akaenda, akachimba, akaikuta. Mali iliyozikwa tangu zama za kabla ya Uislamu, rikazi, hutolewa sehemu moja kati ya tano. Akawauliza wanachuoni wa zama zake, wakamwambia hana khumsi, ndoto imesadiki. Izzudin bin Abdussalam, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1262, akasema atoe khumsi. Hoja yake ni nzuri sana: ipandishe ndoto yako daraja ya juu kabisa inayoweza kufika, itakuwa sawa na hadithi moja iliyopokewa kwa njia sahihi. Na hapa imepingana na hadithi iliyo sahihi kuliko hiyo, isemayo katika rikazi ni khumsi.

Unaona alivyofanya? Hakumwambia mtu umeota uongo. Hazina ilikuwapo, imekwisha kuchimbwa, haiwezekani kukana. Alitenganisha mambo mawili: kwamba ndoto ni ya kweli, na kwamba ndoto ina amri. Barua ya Sheikh Ahmad inaishi kwa kuyaunganisha haya mawili, ili ukishindwa kuikana ndoto ushindwe pia kuikataa amri.

Sitaki ufahamu kwamba ndoto zinatupwa. Nawawi huyo huyo anasema Mtume akimwamrisha mtu ndotoni jambo ambalo tayari ni sunna, au akimkataza lililokwisha kukatazwa, ni vizuri alifanyie kazi. Lakini nguvu haitoki kwenye ndoto, inatoka kwenye asili iliyokuwapo. Mama akiota anaambiwa asali usiku, na asali. Hapo ndoto imemuamsha tu.

Basi tuishike barua yenyewe. Toleo analolinukuu Ibn Baz linakaribiana sana na niliyoiandika mimi, na bila shaka na ya mama. Linaanza vizuri: Sheikh Ahmad alikuwa macho usiku wa Ijumaa akisoma Qurani, kisha akajitayarisha kulala, akamuona Mtume. Mtume anaona haya kwa maovu ya watu. Linahimiza toba, sala, zaka. Mpaka hapa hapana ubaya, na ndiyo maana mama yako ameipenda. Ni maneno ambayo khatibu yeyote angeyasema. Kisha inaingia hesabu, kwamba kutoka Ijumaa hadi Ijumaa wamekufa watu laki moja na elfu sitini nje ya Uislamu. Hesabu hiyo hubadilika kutoka toleo hadi toleo, na hiyo ni dalili, maana ndoto moja haiwezi kuwa na tarakimu tofauti kila inaponakiliwa. Halafu ndipo unapofika mkia wake: atakayeiandika na kuipeleka mji hadi mji atajengewa kasri peponi, akiwa masikini atatajirika, akiwa na deni litalipwa, asiyeiandika ameharimishiwa shafaa ya Mtume na uso wake utakuwa mweusi, atakayeikadhibisha amekufuru.

Mkia huo ndio unaoiua. Qurani yenyewe, ambayo ndiyo asili ya dini, mtu asiponakili hata ukurasa mmoja na kuupeleka Mkoani hakuambiwa kwamba atanyimwa shafaa. Leo karatasi ya fotokopi imepewa malipo na adhabu ambazo Msahafu haukupewa. Na kauli ya kwamba anayeikanusha ni kafiri ni nguzo mpya ya imani, iliyoletwa kwa njia ambayo kadhi haikubali hata kwa siku moja ya saumu. Mjomba anapokwambia umekufuru, hasomi hadithi ya Bukhari. Anausoma mkia wa barua.

Tena mkia ndio umeifanya iishi. Ujumbe unaokwambia usipowaambia wenzako utadhurika hauhitaji ukweli ili uenee. Mwenzangu, wewe wa Wete umelelewa na hadithi za Popobawa wa mwaka 1995; kumbuka ilivyosimuliwa kwamba aliyetokewa alitakiwa awahadithie wengine, la sivyo atarudiwa. Silinganishi Mtume na kioja kile, nalinganisha injini inayoziendesha habari zenyewe. Ukiikuta injini hiyo, hata ndani ya maneno matakatifu, uwe na wasiwasi.

Jirani yenu hakusema uongo, lakini nadhani angeshangaa kusikia jinsi askofu anavyosema machache. Chukua Kibeho, Rwanda, tokeo linalojulikana zaidi Afrika. Tarehe 28 Novemba 1981 mwanafunzi wa shule ya wasichana alisema amemuona Bibi Mariamu, kisha wakafuata wengine, na wengi zaidi nje ya shule. Mwaka uliofuata askofu aliunda tume mbili, moja ya madaktari na moja ya wanateolojia, yaani wale walitazama afya na akili za wasichana, hawa wakatazama maneno. Mwaka 1988 ikaruhusiwa ibada ya hadhara mahali pale. Uamuzi juu ya matokeo yenyewe ulitolewa na Askofu Augustin Misago tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka 20 tangu kuanza, na katika watu wote waliodai aliwakubali wasichana 3 tu. Mwaka 2024 Vatikani ikaweka kanuni mpya, na kwa kawaida sasa askofu hatangazi tena kwamba tokeo limetoka kwa Mungu. Cheti kikubwa kabisa anachotoa ni kusema hakuna kizuizi kwa waumini kulifuata. Mambo yanayomtia shaka ni haya haya unayoyajua: kutafuta pesa, mafundisho yanayopingana na dini, ugonjwa wa akili, kikundi kinachojitenga na kujiona bora.

Na hata baada ya kukubaliwa, Mkatoliki hawajibiki kuamini Kibeho. Kwao ufunuo wa aina hiyo unaitwa wa binafsi, hauongezi kitu kwenye imani. Ukienda kanisa la Minara Miwili ukamuuliza padri kama muumini asiyeamini Kibeho ametoka kanisani, atakwambia hapana. Izzudin angelimuelewa padri huyo bila ya mkalimani.

Kwetu hakuna askofu, hilo ni kweli. Ofisi ya Mufti, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, inaweza kutoa fatwa, na Mufti ndiye anayetangaza mwezi, lakini hakuna tume inayokwenda kukagua ndoto za watu. Mizani yetu imo kwenye kanuni, na anayepima ni yeyote aliyezisoma. Ubaya wake ni kwamba kazi inabaki kwa watu kama wewe, uliyesimama kwenye foleni ya fotokopi na mama anakungoja nyumbani.

Kuhusu mama, usiende na hoja zote hizi kwa pamoja. Yeye hakudanganya, amependa kuambiwa kwamba Mtume anatuhurumia. Kaa naye siku ya utulivu, isomeni barua mpaka pale penye toba na sala, mwambie hayo tutayafanya. Kisha msomee mkia, umuulize jambo moja tu: Je, babu, aliyekufa bila ya kuiona karatasi hii, amenyimwa shafaa? Mwache afikiri mwenyewe. Na akiota yeye ndoto njema, mafunzo yapo na ni mepesi: amshukuru Mungu, amhadithie ampendaye tu. Ikiwa mbaya, ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, aombe kinga, ageuke ubavu, asimwambie mtu. Hakuna mahali alipoambiwa aitoe kopi.

Mjomba mwachie swali la mwezi. Mwambie Shaabani ijayo, usiku wa 30, mtu mwema akimgongea mlango amwambie nimeota kesho tufunge, atakula daku au atalala?

Zile kopi zilizokwisha kutolewa usizitie jaani, zina majina ya Mwenyezi Mungu na pengine aya. Zichome mahali safi, au uzifukie pasipokanyagwa.